Kifurushi cha tekscha cha GB 48: nilikipakua usiku, nikakiondoa siku ya tatu

Gemu lenyewe sitalitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Ni gemu la dunia wazi, lile la kutembea popote unapotaka, na kwenye ukurasa wake wa Steam, duka la magemu la mtandaoni, kuna nyongeza ya bure: kifurushi cha tekscha za ubora wa juu, yaani zile picha zinazobandikwa juu ya kuta, nguo na vitu vingine ndani ya gemu. Picha za matangazo zilinivutia. Kuta zilionekana hadi punje za mchanga, ngozi ya koti ilikuwa na mikunjo. Cha bure nani hukikataa? Nikaweka tiki, nikaenda kulala.

Maandishi yaliyokuwa chini ya picha zile, yanayosema kadi ya picha ya kompyuta iwe na memori ya GB 8, niliyaona. Kadi yangu ni GTX 1660 Super yenye GB 6. Nikajiambia kwamba watengenezaji huwa wanaweka akiba, GB mbili haziwezi kuniangusha. Skrini yangu ni ya 1920 kwa 1080. Yashike hayo mawili, maana ndiyo yaliyoamua kila kitu.

Kwanza ukubwa. GB 48 kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa tano na dakika ishirini, tena kama laini haitetereki. Wengi hukosea hapa kwa kuchanganya megabiti na megabaiti: kasi unayouziwa huhesabiwa kwa biti, faili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Wala ukubwa huo si wa ajabu katika vifurushi vya aina hii. Kile cha Fallout 4 kilipotoka Februari 2017 kilihitaji nafasi ya GB 58 hivi, yaani kilizidi gemu lenyewe. Kile cha Monster Hunter: World cha mwaka 2019 kilikuwa kama GB 45. Kwangu gemu na kifurushi chake vilimeza karibu nusu ya SSD, nikalazimika kufuta magemu mengine mawili.

Asubuhi nikafungua. Dakika za mwanzo, ndani ya nyumba ndogo, nilifurahi kweli. Meza ya mbao ilikuwa na mistari ya msumeno, na nikajikuta nimeinamisha kamera kwenye gunia la nafaka kama mtu anayetafuta wadudu. Kisha nikatoka nje kwenda sokoni.

Hapo maji yakazidi unga. Nikigeuza kamera taratibu, sawa. Nikiigeuza haraka, picha ilisimama kidogo, ikaruka, ikaendelea. Kwa farasi ilikuwa mbaya zaidi, kila kona ilikuja na mshtuko wake. Kilichonichanganya ni kwamba kihesabu cha fremu, zile picha moja moja zinazounda mwendo, pembeni ya skrini kilionyesha wastani wa 64 kwa sekunde, wakati kabla ya kifurushi nilikuwa napata 71. Tofauti ya fremu saba huwezi hata kuihisi. Lakini wastani huficha mengi: sekunde yenye fremu 60 zilizopangana vizuri, na sekunde yenye fremu 60 ambazo moja kati yake imechelewa kwa sehemu ya tano ya sekunde, kwenye hesabu zinafanana. Machoni hazifanani hata kidogo.

Nikafungua Task Manager ya Windows, nikaingia Performance, kisha GPU. Chini kule kuna mistari miwili ambayo watu huipita: Dedicated GPU memory na Shared GPU memory. Wa kwanza ni memori iliyo ndani ya kadi yenyewe. Wa pili ni RAM ya kawaida ya kompyuta ambayo kadi huiazima ikibanwa. Kabla ya kifurushi, pale pale sokoni, Dedicated ilikuwa GB 4.6 na Shared GB 0.2. Baada yake Dedicated iligota 5.8 ikakataa kusogea, na Shared ikapanda hadi 1.9. Hiyo ndiyo dalili unayopaswa kuitafuta. Dedicated kujaa pekee si tatizo, kwani magemu mengi hujaza nafasi iliyopo ili mradi ipo. Tatizo ni Dedicated kugota huku Shared ikipanda, na picha ikishtuka kila unapoingia eneo jipya.

Sababu ya mshtuko ni umbali wa barabara. Kadi yangu husoma memori yake yenyewe kwa kasi ya GB 336 kwa sekunde. Kufika kwenye RAM ya kompyuta inabidi ipite njia ya PCIe 3.0, ambayo hata ikiwa na mistari yote 16 haifiki GB 16 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara ishirini polepole. Tekscha ikihitajika sasa hivi na ikawa iko upande wa pili wa njia hiyo, fremu inasubiri, na wewe unasubiri nayo.

Sasa kwa nini memori iliisha haraka hivyo? Hapa ndipo nilipojifunza, na hesabu yake ni nyepesi. Tekscha ya kawaida katika gemu hili ina upana wa pikseli 2048 na urefu huo huo. Ya kifurushi ni 4096 kwa 4096. Unaweza kudhani imeongezeka mara mbili, kumbe ni mara nne, kwa sababu imekua pande zote mbili. Kwa mbano unaotumika sana kwenye magemu ya leo, uitwao BC7, kila pikseli huchukua baiti moja. Kwa hiyo ile ya 2048 ni MB 4 na ile ya 4096 ni MB 16. Juu ya hapo ongeza theluthi moja kwa ajili ya mipmapu, yaani nakala ndogo ndogo za tekscha hiyo hiyo zinazotumika kitu kikiwa mbali. Na kitu kimoja hakivai tekscha moja. Ukuta una ya rangi, ya mabonde na matuta, na ya kung'aa kwake. Jumla ukuta ule ule unatoka MB 16 hadi MB 64. Weka vitu 30 tofauti mbele ya kamera, jambo ambalo kwa soko ni kidogo, na umetoka MB 480 hadi karibu GB 1.9. Na hapo hatujahesabu watu wanaopita.

Kilichoniuma zaidi ni skrini. Ile nakala kubwa ya 4096 haiguswi mpaka kitu kitanuke kwenye skrini hadi kuzidi pikseli 2048 hivi; chini ya hapo kadi inachukua nakala ndogo. Skrini yangu yote ina upana wa pikseli 1920. Maana yake kipande cha ukuta chenye tekscha hiyo lazima kiwe kikubwa kuliko skrini nzima, yaani nimebandika pua ukutani, ndipo kifurushi kianze kunionyesha kitu ambacho tekscha za kawaida hazina. Ndiyo maana gunia lilinifurahisha: nililiinamia. Barabarani, kwa mwendo wa kawaida, nilikuwa natazama nakala zile zile nilizokuwa nazo tangu zamani, huku kubwa zikikalia memori bure.

Siku ya pili nilijaribu ujanja. Nikashusha vivuli na kupunguza umbali wa kuona nyasi, na Shared ikashuka hadi 1.1, ila mshtuko ukabaki. Nikafunga kivinjari kilichokuwa wazi nyuma, nikapata kama MB 300, maana nacho hula memori ya kadi. Nikashusha ubora wa skrini hadi 1600 kwa 900 na hapo sikuambulia cha maana, kwa sababu tekscha hazipungui ukubwa kwa kuwa skrini imepungua. Nilikuwa nimeharibu picha nzima ili niokoe kitu kinachodaiwa kuipendeza.

Kuna setingi ya kiwango cha memori ya tekscha, nikaishusha nayo. Mshtuko ukapungua sana, nikadhani nimeshinda. Kumbe gemu, likiona halina nafasi, lilianza kuchukua nakala ndogo hata kwa vitu vilivyo karibu. Nikasimama mbele ya mlango wa kanisa, mchoro wa mbao umevurugika kama picha iliyotumwa kwa simu mara kumi. Baada ya sekunde mbili tatu ukawa mkali. Nikageuka, nikarudi, umevurugika tena. Kifurushi cha picha kali kilikuwa kinanipa picha mbovu kuliko ile niliyoanza nayo. Ukiona tekscha za karibu zinachelewa kuja hivyo, usilaumu diski kwanza. Angalia memori ya kadi.

Siku ya tatu nikakiondoa. Steam hurahisisha: bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Properties, kisha DLC, ondoa tiki, na mafaili yanafutwa bila kugusa gemu lenyewe wala hatua uliyofikia. Dedicated ikarudi 4.6, farasi wakakimbia bila kushtuka.

Lakini nisikionee. Kaka yangu ana RTX 3060 yenye GB 12 na skrini ya 2560 kwa 1440, naye analo gemu hilo. Tulipakua kwake na tukasimama soko lile lile. Dedicated ikafika 8.9, Shared haikusogea, na fremu hazikupungua hata tatu. Hilo linaonyesha tabia ya tekscha: zikienea kwenye memori hazigharimu kasi yoyote ya maana, zikizidi kidogo tu kila kitu kinavurugika. Hakuna kati kwa kati kama ilivyo kwa vivuli, ambavyo ukivipandisha unapoteza fremu kidogo kidogo. Na kwake tofauti ilionekana hasa kwenye mazungumzo, kamera inaposogea usoni, na kwenye silaha ya mkononi. Mandhari ya mbali tulibishana dakika kumi bila kukubaliana ni ipi yenye kifurushi.

Kwa hiyo mwenye GB 6 nasema asikiguse kabisa, hata skrini yake iwe kubwa. Mwenye GB 8 na skrini ya 1080 pia sioni sababu. Hata kikienea, hana pikseli za kukionyesha. GB 8 na skrini ya 1440 ndiyo sehemu ya kubishaniwa, na hapo ningepima kwanza bila kifurushi, kwenye eneo lenye watu wengi na si ndani ya nyumba kama nilivyofanya mimi. Kama Dedicated tayari imefika 6, acha. Na kama gemu unalicheza kwa kamera ya juu, wahusika wadogo kama sisimizi, hata GB 12 zisikushawishi.

Nyota tatu kati ya tano kwa kifurushi, moja kwangu. Yale magemu mawili niliyoyafuta bado nayapakua upya.