Ruta ya AC1200 kwa nyumba ya watu wanne: maandishi gani ya boksi yana kazi

Nimekuwa nikiitumia ruta hii nyumbani Njiro, Arusha, kwenye kifurushi cha faiba cha 30 Mbps, na nimeridhika nayo. Dukani muuzaji alinisukumia ya AX3000 yenye antena sita: "Dada, hii ndiyo inakimbia." Sikuichukua, na sababu ni hesabu tu.

Hiyo 1200 ni jumla ya kasi za bendi mbili, yaani njia mbili za mawimbi ya waifai: takriban Mbps 300 kwenye 2.4 GHz na 867 kwenye 5 GHz. Kwa kawaida simu inashika bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo 1200 hutaipata popote. Tena hizo ni kasi za maabara, kati ya ruta na simu. Mtandao unaoingia kwangu kutoka nje ni 30, na namba ya boksi ikiongezeka, 30 inabaki 30. Wingi wa antena nao haunisaidii, maana simu nyingi zina mbili tu ndani.

Ninachokijali ni bendi zenyewe. Sebuleni 5 GHz inanipa 30 yote. Chumba cha nyuma, ukipita kuta mbili za tofali la saruji, inakatikakatika, ila 2.4 GHz inafika na video inacheza vizuri. Ruta ya bendi moja ya 2.4 ingefika pia, lakini hapa kwetu nyumba zimebanana na waifai za majirani zinagongana kwenye bendi hiyo. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, pima kasi ukiwa karibu na ruta, kisha chumbani. Karibu ikifika kasi ya kifurushi, ruta haina kosa. Isogeze katikati ya nyumba, juu ya kabati, kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Soma pia matundu ya kebo. Yangu yameandikwa 10/100, maana yake hayapitishi zaidi ya 100 Mbps. Kwangu yanatosha na kubaki. Mwenye kifurushi cha 200 atafute 10/100/1000, la sivyo atalipia kasi isiyoingia ndani.

Jambo ambalo boksi halilipigii kelele, na kwangu lina uzito kuliko antena zote, ni umeme wa ruta. Geuza uangalie nyuma: yangu ni 12V 1A, sawa na kile kiboksi cha faiba ukutani, hivyo yuupiesi moja ndogo inaviwasha vyote viwili umeme ukikatika. Ruta nyingine ni 9V, na ukichomeka waya wa 12V unaweza kuiunguza. Kama yako ni 9V, nunua yuupiesi yenye matundu ya 9V na 12V, na ujumlishe ampea za vifaa vyote kabla ya kulipa.