Elbo, tii, yunioni, bushi, nipo na ridyusa: nini cha kununua, na thredi ipi ya kukataa

Lalamiko linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji wanaojenga Majengo na Kiboriloni, hapa Moshi, ni lile lile: mtu anakwenda duka la vifaa vya ujenzi na karatasi ambayo fundi ameandika maneno mawili tu, “fitingi za tangi”, anarudi na mfuko mzito, kisha anaambiwa kwamba sehemu kubwa ya alivyonunua havishikani. Bei na rangi utaviona mwenyewe dukani, kwa hiyo sitavizungumzia sana. Nitafuata maji kutoka kwenye tangi hadi bombani, nikitaja kila kifaa pale maji yanapokifikia, kwa mfumo wa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki.

Kwanza saizi, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa na rula. Bomba liitwalo nusu inchi lina upana wa nje wa takribani milimita 21, la robo tatu milimita 26 hadi 27, na la inchi moja milimita 33. Ukipima nje ya bomba la nusu na kumwambia muuzaji kwamba unataka la milimita 21, anaweza kukupa kitu kingine kabisa. Taja jina la saizi, au beba kipande cha bomba lenyewe.

Tuseme tangi liko juu ya mnara wa mita 4, na unataka maji ya koki moja ya uani na moja ya jikoni. Konekta ya tangi ya inchi moja inatoa mdomo wenye thredi ya nje, ambayo mafundi huiita dume. Juu yake inafungwa geti valvu ya inchi moja, ambayo ni jike pande zote mbili. Jike na jike havikutani, kwa hiyo baada ya valvu inakuja nipo, kipande kifupi chenye thredi ya nje kila upande. Nunua nipo yenye sehemu ya kati yenye pembe sita ili spana ipate pa kushika. Ile iliyojaa thredi mwili mzima ni ya bei nafuu, lakini siku ya kuifungua meno ya spana ya bomba yataiharibu.

Baada ya nipo inakuja yunioni, na hiki ndicho kifaa ambacho watu hukiruka ili kuokoa fedha. Yunioni ina vipande vitatu: nusu mbili na nati inayozibana. Kwa kuwa mabomba yamefungwa kwa kuzungushwa moja ndani ya jingine, huwezi kulegeza kipande cha katikati bila kuanza kufungua kutoka mwishoni, au bila kukata bomba. Yunioni ndiyo inayokuruhusu kuachanisha njia mahali hapo. Iwekwe baada ya valvu, si kabla yake, ili ukifunga valvu uweze kurekebisha mabomba yote ya chini bila kumwaga tangi. Kumbuka pia kwamba nati ya yunioni haizibi maji kwa thredi zake. Maji huzuiwa na zile nyuso mbili zinazokutana ndani, zikiwa tambarare zenye washa au zikiwa za mteremko, chuma kwa chuma. Tepu inayozungushwa kwenye nati hiyo haisaidii chochote, na yunioni yenye uso uliokwaruzwa usiipokee.

Sasa tunashuka kutoka inchi moja hadi robo tatu, na hapa bushi na ridyusa huchanganywa sana. Bushi ni dume kwa nje na jike kwa ndani, hivyo inaingia ndani ya kifaa kingine: hapa bushi ya inchi moja kwa robo tatu inaingia ndani ya yunioni, na bomba la robo tatu linaingia ndani ya bushi. Ridyusa ni jike pande zote mbili, yenye mdomo mkubwa na mdomo mdogo, na kazi yake ni kuunganisha bomba kwa bomba. Ukipewa ridyusa mahali pa bushi, utalazimika kununua nipo ya ziada.

Bomba la robo tatu linageuka kwa elbo kushuka mnara, na elbo ya pili inalilaza kuelekea nyumbani. Njiani inafungwa tii ya robo tatu, tawi lake likitazama juu. Ndani ya tawi hilo inaingia bushi ya robo tatu kwa nusu, kisha bomba fupi la nusu na elbo ya nusu inayobeba koki ya uani. Njia kuu inaendelea hadi ukuta wa jikoni, na hapo ndipo ridyusa inapofungwa, ikifuatwa na elbo mbili za nusu. Usikubali kuanza bomba la nusu pale chini ya mnara. Maji ya mita 4 yana presha ya takribani baa 0.4 tu, na bomba jembamba la mbali huipunguza zaidi.

Tukija kwenye thredi, naomba uvumilivu, kwa sababu nimeona elbo nzuri kwa macho zikivuja kwa kosa hili moja. Thredi ya bomba huwa na mteremko mdogo, ndiyo sababu hubana kadiri inavyoingia. Chukua nipo nzuri ya saizi ileile, izungushe kwa vidole ndani ya kifaa: inapaswa kwenda mizunguko mitatu au minne, kisha ikaze. Ikizama yote bila kukaza, kifaa kina thredi pana na hakuna wingi wa tepu utakaokiokoa. Ikigoma mzunguko wa kwanza, thredi imeziba au imekatwa upande. Kwa elbo, funga nipo pande zote mbili, uilinganishe na kona ya kigae cha dukani. Thredi ya ndani yenye rangi ya kijivu na mafuta si kasoro, kwani kwa kawaida thredi hiyo hukatwa baada ya kifaa kupakwa zinki. Watu huirudisha hiyo na kuchukua inayong’aa yenye madonge ya zinki.

Kwa mpangilio wangu, nafasi ya kwanza ni fitingi za chuma zenye alama ya +GF+ iliyotokeza mwilini. Ni za Georg Fischer wa Uswisi, waliozitengeneza tangu 1864, na sifichi upendeleo wangu. Nafasi ya pili ni fitingi nyingine za chuma zenye ukingo mnene mdomoni, zikifaulu jaribio la nipo. Nafasi ya tatu ni shaba, nzuri lakini kwa mfumo huu ni gharama isiyo ya lazima. Vile vyepesi visivyo na alama yoyote vinafaa mpira wa bustani.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaokataza kufungua mfuko kabla ya kulipa, kisha wakakataa kurudishiwa kifaa kwa sababu kina alama ya tepu, huku bei ya yunioni ikipanda mara tu mteja anaposema hajui jina lake. Usilipe kabla ya kujaribu, dai risiti inayotaja kila kifaa na saizi yake, na uongeze plagi ya nusu, ili koki ya uani ikivunjika uzibe elbo yake na jikoni waendelee kupata maji.