Mfumo wa kufuatilia mianya ya usalama: kagua saa yake inaanza lini

Mfumo huu tunautumia kazini kila siku. Unapokea matokeo ya skana, unaupa kila mwanya tarehe ya mwisho kulingana na ukali wake, kisha unatoa ripoti ya iliyopitisha muda. Sisi tumeweka siku 7 kwa mianya yenye alama za CVSS kuanzia 9.0, siku 30 kwa 7.0 hadi 8.9, na siku 90 kwa ya kati. Kupanga hayo ni rahisi. Nilichopenda zaidi ni kwamba kikumbusho kinamwendea mwenye huduma husika moja kwa moja, si kundi zima ambako kila mtu anamtegea mwenzake.

Shida iko kwenye siku ya kuanza kuhesabu. Chukua maktaba yenye mwanya wa alama 7.5, skana imeugundua tarehe 3 Machi. Mwisho wake ni tarehe 2 Aprili. Lakini imeji ya kontena inajengwa upya kila wiki, na mfumo ukiachwa ulivyokuja unautambua mwanya kwa alama ya hashi ya imeji. Hashi ikibadilika, mwanya wa zamani unahesabika umefungwa na "mpya" unazaliwa na siku 30 zake kamili. Maktaba haijaguswa, ila ripoti ya waliochelewa iko tupu daima! Dalili yake utaiona ukipanga mianya iliyo wazi kwa umri: hakuna hata mmoja unaozidi wiki. Dawa ni kubadilisha utambulisho, utumie namba ya CVE, jina la kifurushi na jina la huduma. Tulipofanya hivyo, orodha ya waliochelewa ilifura ghafla, na mameneja wakadhani mambo yameharibika.

Asilimia ya ukurasa wa mbele nayo usiiamini upesi. Inahesabu mianya iliyofungwa tu. Tuseme 40 imefungwa, 38 ikiwa ndani ya muda: unaona 95%. Kumbe kuna mingine 20 iko wazi na muda wake umeshapita. Ukiijumlisha unapata 38 kati ya 60, yaani kama 63%. Mbaya zaidi, timu inayoziba mwanya uliochelewa inashusha alama yake, na inayouacha wazi inabaki iking'aa. Siku hizi ripoti ya wakubwa naiandaa mwenyewe kwa data ninayoitoa kwenye mfumo: mwenye huduma, ukali, na siku alizochelewa, aliyechelewa zaidi akiwa juu.

Sehemu ya kuomba msamaha wa muda ni nzuri. Inadai sababu, jina la aliyeidhinisha na tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo ikifika mwanya unarudi kwenye ripoti bila kuombwa.

Naupa nyota tatu na nusu. Kabla ya kulipia, omba wauzaji waujaribu mbele yako: jengeni imeji upya bila kuziba chochote, kisha mtazame kama tarehe ya mwisho imesogea.