Nililipia ufupisho wa historia ya marehemu baba: uzoefu wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Siku za karibuni tulimzika baba. Historia yake tuliyoiandika wanafamilia ilikuwa kurasa tano, na mchungaji alitupa dakika tano tu. Nikaipeleka steshenari moja hapa Morogoro wanakochapa na kufupisha maandishi. Shilingi 15,000, nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Jioni nikapewa ukurasa mmoja na nusu, msafi, hauna kosa hata moja la herufi.

Nikausoma kwa sauti peke yangu chumbani, mara mbili, simu ikihesabu dakika. Kusoma hivyo kulinisaidia: sentensi moja ya shule alizosoma ilinikata pumzi katikati, nikaigawa. Dakika nne na kitu. Nikaridhika.

Usiku nikamsomea jirani yetu aliyekuwa jikoni akimenya vitunguu saumu. Yeye kurasa tano hakuwahi kuziona, na baba alimfahamu uzeeni tu. Nilisoma mwendo uleule wa msibani, bila kusimama kueleza. Sikumuuliza kama ameelewa, maana kwa mfiwa kila mtu atajibu ndiyo. Nikamwambia, "Hebu nisimulie maisha ya mzee." Akasimulia vizuri, kisha akashusha sauti: "Pole, mwanangu. Kumbe mama na mzee waliwahi kuachana?"

Mwili ulinisisimka. Tazameni kilichoandikwa:

"Mwaka 1975 alifunga ndoa na mama yetu. Ilipovunjika mwaka 1977, alirudi nchini na kupangiwa kazi Tabora."

Kwenye kurasa zetu, kati ya sentensi hizo mbili palikuwa na nyingine, iliyosema kwamba shirika la reli lililomwajiri baba kule Nairobi lilikuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Iliyovunjika mwaka 1977 ni Jumuiya! Mkataji aliondoa sentensi ya Jumuiya akaacha "ilipovunjika" ikielea. Na kwa kuwa ndoa na Jumuiya zote huchukua "i", sarufi haikulalamika. Neno likaishika ndoa iliyokuwa karibu. Mimi niliposoma sikusikia kitu, kwa sababu kichwani Jumuiya ilikuwepo. Nilikuwa naisikia bila kuitamka. Mama angekaa pale mbele, amejifunga kanga, akisikia ndoa yake ya miaka yote ikivunjwa kwenye kipaza sauti.

Asubuhi nikarudi. Yule kijana hata hakuinua macho. "Dada, mbona iko sawa?" Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma kimoyomoyo, akasema inaeleweka. Bila shaka ilimwelea, kurasa tano zote alizichapa yeye! Nikamweleza jirani alivyosikia. Akajibu, "Labda huyo mama hakusoma."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Chini ya turubai hukaa profesa na muuza mchicha, na hakuna anayepewa karatasi arudie mstari. Wanasikia mara moja, basi. Nikamgeukia binti aliyekuwa anapiga kopi, nikamsomea sentensi zile mbili tu. Akasema, "Jamani, waliachana?" Kijana akanyamaza. Samahani hakusema.

Nikarekebisha mwenyewe kwa kuongeza maneno manne mbele ya lile moja: "Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika." Jirani nilishindwa kumtumia tena, maana alishajua; angeisikia Jumuiya hata nisipoitaja. Nikamsomea mke wa binamu aliyeshuka kwenye basi kutoka Songea muda huohuo. Akasimulia: mzee aliajiriwa reli Nairobi, akaoa, Jumuiya ikafa, akapelekwa Tabora. Hakuuliza lolote la ndoa. Nikapumua.

Nikiwa mkweli, sehemu nyingine kijana alikata vizuri. Orodha ya vyeo vya baba, iliyojaza robo tatu ya ukurasa, aliifanya sentensi moja na hakuna aliyeulizia kilichokosekana. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikanyage pale. Sasa naona mkono wa kufupisha anao. Kinachokosekana ni mtu mmoja asiyeona karatasi ya kwanza, asomewe ufupisho kabla mteja hajakabidhiwa. Na mtu huyo wanaye, yupo kwenye mashine ya kopi, hatua tatu tu!

Lakini kila nikikumbuka "hakusoma" damu inachemka tena. Huyo mama ndiye aliyemwokoa mama yangu na aibu, kwa masikio yake tu, vitunguu mkononi. Kuchapa na kutoa kopi nitaenda. Kufupisha sipeleki tena, hadi wamwombe radhi.