Kesho saa 3, au Jumanne saa tatu asubuhi?

Mhudumu wa mapokezi wa kliniki moja hapa Kisumu alizoea kuwaandikia wagonjwa ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi hivi: "Kesho saa 3 kliniki. Usichelewe."

Akaubadilisha: "Habari yako mama. Tunakukumbusha miadi yako Jumanne, 14 Oktoba, saa tatu asubuhi (9:00), chumba namba 4, ghorofa ya kwanza, mkabala na Soko la Kibuye. Tafadhali njoo na kadi. Ukipata udhuru, tujulishe kwa namba hii."

Wa kwanza ni wa bei nafuu, sikatai. Wa pili unapita herufi 160, hivyo hutozwa kama jumbe mbili. Lakini hiyo "saa 3" ndiyo mtego: mgonjwa anayesoma saa kwa tarakimu za simu huja saa tisa alasiri, daktari ameshaondoka. Na "kesho" hupotea simu ikikosa chaji, ujumbe ukasomwa siku ya pili.

Nilichopenda zaidi ni kisichoandikwa. Hakuna jina la ugonjwa wala la dawa, maana simu moja nyumbani hushikwa na watu wengi. "Usichelewe" nayo imeondoka. Humkaripia mtu ambaye hajakosa.