Early Access kwenye Steam: ununue sasa au usubiri 1.0? Nimepanga toka salama mpaka hatari

Kuna kile kiboksi cha bluu kwenye ukurasa wa gemu Steam, kimeandikwa Early Access Game, watu wanakipita mbio mbio wanashuka kwenye bei, wananunua, wiki ya pili wanalalamika gemu haina mwisho. Jamani kiboksi ndo kilikuwa kinawaambia hivyo hivyo.

Huu utaratibu ulianza Steam mwezi wa 3 mwaka 2013. Unauziwa gemu ambayo bado iko jikoni, unalipa leo, unacheza kilichopo, vingine vinakuja kwa apdeti mpaka lije toleo la 1.0 ambalo hulilipii tena kama ulishanunua. Lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba 1.0 itakuja. Steam wenyewe wanaandika pale pale kwamba gemu haijakamilika, inaweza ikabadilika au isibadilike tena, na kama haikuvutii ilivyo sasa basi subiri. Studio ikifungwa katikati, ulichonacho kwenye diski ndo hicho hicho.

Nimepanga njia za kununua kuanzia ile ambayo mimi naiamini zaidi.

Ya kwanza ni kusubiri 1.0 halafu uongeze wiki mbili tatu juu yake, na hii naishikilia hasa kwa gemu za hadithi. Chukua Baldur's Gate 3: ilianza kuuzwa Early Access tarehe 6 Oktoba 2020 kwa dola 60, ikiwa na sura ya kwanza tu, gemu nzima ikatoka tarehe 3 Agosti 2023, yaani karibu miaka mitatu, na bei ikabaki ile ile. Aliyenunua mapema alicheza mwanzo wa hadithi, akasubiri, halafu akaanza upya kwa sababu sevu za zamani hazikuhamia toleo kamili. Aliyesubiri hakupoteza hata senti. Zile wiki za nyongeza ni za kuacha bagi za siku ya kwanza zizibwe na revyu mpya ziingie, maana zile za zamani utaona zimeandikwa Early Access Review juu yake, zinaongelea gemu ambayo pengine imeshabadilika kabisa, kwa hiyo angalia Recent Reviews kwanza.

Ya pili, nunua sasa kama kilichopo leo kinatosha bei yake hata kisipoongezwa kitu. Hii inafaa gemu za kurudia rudia na gemu za kujenga, zile ambazo hazitegemei mwisho. Hades II ilianza Early Access mwezi wa 5 mwaka 2024 ikiwa tayari na silaha, mabosi na njia mbili za kwenda, ikakosa mwisho wa kweli wa hadithi mpaka 1.0 ya mwezi wa 9 mwaka 2025, na mtu aliyeicheza toka mwanzo alipata masaa mengi tu ya raha. Kuna wakati kununua mapema kunaokoa hela pia: Satisfactory ilikuwa dola 30, ikapanda mpaka 40 mwezi wa 6 mwaka 2024, miezi mitatu hivi kabla ya 1.0. Hili huna haja ya kulibahatisha, kwenye kiboksi kuna swali linasema Will this game be priced differently during and after Early Access?, soma jibu la hapo.

Ila hata hapa kuna maumivu yake. Mimi nilikuwa na shamba kwenye gemu moja ya kilimo, masaa kama 40, nimechimba mifereji, nimepanga mabanda, siku hiyo ikaingia apdeti kubwa, nafungua naambiwa sevu yangu haiendani na toleo jipya. Iliniuma sana. Toka siku hiyo nakopi folda la sevu pembeni, na kabla ya kukubali apdeti kubwa nasoma maelezo yake, pia kwenye Properties ya gemu kuna sehemu ya Betas ambako baadhi ya watengenezaji wanaacha toleo la zamani ulirudie umalize ulichoanza.

Ya tatu ni kununua ili ujaribu ukijua unaweza kurudisha. Steam wanarudisha hela kama hujapitisha siku 14 toka ununue na hujacheza masaa 2, na Early Access iko ndani ya sheria hiyo hiyo. Masaa yanahesabiwa gemu ikiwa imefunguka, hata kama umekaa kwenye menyu unarekebisha grafiki au inaandaa sheda, kwa hiyo usiiache wazi ukaenda kula. Kama kuna demo anza na demo. Na kwetu tunaotumia bando piga hesabu ya GB kabisa, hela ya gemu inarudi ila bando hairudi, na gemu za hivi zinakula bando kila apdeti.

Ya nne, ambayo nakwambia usifanye, ni kununua ahadi. Kerbal Space Program 2 ndo mfano wangu kwa sababu kila kitu kilionekana salama: jina kubwa, gemu ya kwanza ilipendwa na yenyewe ilipitia Early Access vizuri, na nyuma kulikuwa na kampuni kubwa ya Take-Two. Ikatoka tarehe 24 Februari 2023 kwa dola 50. Kwenye ramani ya mipango kulikuwa na sayansi, makoloni, safari za nyota nyingine na kucheza na wenzako, ila siku ya kwanza hakuna hata kimoja kati ya hivyo, hata joto la chombo kurudi kwenye anga halikuwepo, na ilikuwa nzito kwenye kompyuta. Sayansi ikaja mwezi wa 12, miezi kumi baadaye. Katikati ya 2024 watengenezaji wakapunguzwa kazi, apdeti ya mwisho ikawa mwezi wa 6, na makoloni hayakufika.

Mnunuzi angejuaje? Kwenye kiboksi linganisha majibu mawili, What is the current state of the Early Access version? na lile la toleo kamili litatofautiana vipi. Kama vitu vilivyokuvuta wewe viko vyote kwenye jibu la pili, hiyo dola 50 unalipia ramani. Halafu fungua habari za gemu uangalie tarehe za apdeti, zikianza kuachana miezi na miezi, kaa mbali. Toka 2025 Steam wanaweka pia ilani pale pale kama apdeti ya mwisho ina zaidi ya mwaka.

Ya mwisho kabisa ni gemu ya mtandaoni tupu ambayo bila seva za studio haifunguki. The Day Before ilitoka Early Access tarehe 7 Desemba 2023, siku nne baadaye studio ya Fntastic ikatangaza inafungwa, wanunuzi wakarudishiwa hela, na seva zikazimwa tarehe 22 Januari 2024. Kerbal ya pili angalau mwenye nayo anairusha roketi mpaka leo, hii hata kuifungua huwezi tena. Gemu ya aina hii mimi sigusi mpaka iwe na miezi kadhaa baada ya 1.0 na seva zake bado zina watu.