Momenti tatu au mgawanyo wa momenti?

Mjadala wa ni ipi kati ya njia hizi mbili itumike kukokotoa momenti za boriti yenye maegemeo zaidi ya mawili huzuka kila mara miongoni mwa wanafunzi wa uhandisi Dar es Salaam, nami naona huamuliwa vyema na boriti moja: maegemeo A, B na C, kipande AB cha mita 4 chenye mzigo wa kN 20 kwa mita, BC cha mita 6 chenye kN 30 kwa mita, ncha zikiwa huru kuzunguka na sehemu ya mkato ikiwa ileile kote.

Mlinganyo wa momenti tatu wa Clapeyron hutoa MB, momenti iliyo kwenye egemeo B, kwa mstari mmoja:

```
2·MB·(4+6) = −(20·4³/4 + 30·6³/4)
MB = −97 kNm
```

Mgawanyo wa momenti, njia ya Hardy Cross, huanza kwa kuifunga B isizunguke: AB hupata momenti ya kNm 40 hapo, BC 135. Tofauti ya 95 hugawanywa kwa ugumu wa 3EI/L, yaani 0.6 upande mfupi na 0.4 upande mrefu. 40+57 na 135−38 hukutana kwenye 97. Wengi hukosea hapa kwa kukipa kipande kirefu fungu kubwa, ilhali kifupi ndicho kigumu zaidi.

Kwa boriti peke yake, hata egemeo likititia, ningechagua Clapeyron. Nguzo za zege zikiungana na boriti kama fremu, mlinganyo huo wa kawaida hautoshi, kwa kuwa nguzo nayo huchukua momenti. Hapo Cross huongeza tu mwanachama mwingine kwenye kiungo, ingawa vipande vingi hudai mizunguko kadhaa ya ugawaji.